Nani Alikuambia ni Mwanamume?

Kuna herufi moja ya Kiswahili ambayo watafsiri wa mji huu wanaidhulumu kila siku na hakuna anayeshtakiwa. Ni ile a- inayotangulia kitenzi. Alikuja. Anasema. Amechukua. Atarudi. Mtu anasoma neno hilo, anataka kuligeuza liwe Kiingereza, na kabla hajavuta pumzi ameshaandika "he". Muulize alijuaje kwamba ni mwanamume. Atakutazama kama umemuuliza alijuaje leo ni Jumanne.

Hakujua. Alibahatisha. Na kubahatisha kwake kukishaingia kwenye ripoti kunasimama pale kama neno la yule aliyezungumza, akiwa na jina lake na tarehe juu ya ukurasa.

Wengi wetu tulifundishwa ngeli kwa kiboko na tukazisahau kwa furaha, kwa hivyo niikumbushe hii moja tu. A-WA ni ngeli ya vyenye uhai. Mwalimu amefika, fundi amefika, kuku amefika. Hiyo a- haikuambii kama mwalimu ni mwanamke au mwanamume, wala -m- ya "nilimwona" haikuambii, wala -ake ya "gari lake", wala yeye, wala huyu, wala yule. Kiswahili hakifichi kitu hapo. Hakikuuliza tu. Kiingereza kinauliza. Ukitaka kumrejelea mtu mmoja mara ya pili bila kurudia cheo au jina lake, kinakusukumia fomu: jaza kisanduku, mke au mume. Mtafsiri anajikuta anajibu swali ambalo msemaji hakuulizwa.

Mara nyingi jibu lipo, na hapo hakuna ugomvi. Kuna shangazi na mjomba. Kuna wifi. Kuna Wanjiku na Otieno. Kuna kuoa na kuolewa, vitenzi viwili vinavyofanya kazi ambayo viwakilishi vyetu vimekataa kufanya. Mtu akisema "aliolewa mwaka jana", unajua. Hasira yangu iko kwingine: pale ambapo umesoma ukurasa mzima mbele na nyuma, umesikiliza sauti mara tatu, na hakuna kitu. Bosi. Jirani. Daktari. Mwenzangu. Mgeni. Mtu fulani.

Mimi huishi kwa kazi hii. Niliacha chuo kabla hakijanimaliza, na tangu wakati huo kodi yangu hutoka kwenye mahojiano ya watu: mtu anahojiwa kwa Kiswahili, sauti inarekodiwa, faili inanifikia, nami narudisha maandishi ya Kiingereza. Sehemu kubwa ya faili hizo ni za wasichana waliorudi kutoka Ghuba walikoenda kufanya kazi za nyumbani. Maneno yao si yangu kuyaanika hapa, kwa hivyo mfano huu nimeutunga mwenyewe. Lakini umbo lake, yeyote aliyewahi kukaa na faili hizi atalitambua.

"Bosi alinipokea uwanja wa ndege, akachukua pasipoti yangu. Tulipofika nyumbani mke wake alinionyesha jikoni na mahali pa kulala. Wiki mbili za kwanza hakukuwa na shida. Halafu akaanza kunipiga. Nikimwambia nimechoka ananyamaza tu, na usiku ananifungia mlango. Siku moja nilimwomba simu nimpigie mama, akanimwagia maji moto."

Soma tena polepole. Nani alimmwagia maji?

Neno "mke" limetusaidia kwa jambo moja: bosi ni mwanamume. Mtafsiri mvivu anashangilia hapo, anaandika "he" kuanzia uwanja wa ndege hadi maji moto, anatuma bili. Lakini kufika "akaanza kunipiga" kuna watu wawili ndani ya nyumba, na a- inaweza kumwangukia yeyote kati yao. Kuna wanaodai kwamba kiwakilishi humfuata aliyetajwa karibu, kwa hivyo ni mke. Wengine wanadai kwamba humfuata mwenye habari, yule hadithi ilianza naye, kwa hivyo ni bosi. Yote mawili hutokea katika mazungumzo ya kila siku, na hakuna hata moja ambalo ni sheria ya Kiswahili. Kibaya zaidi, hakuna kinachozuia a- mbili zilizo jirani kuwa za watu tofauti. Anayefunga mlango usiku huenda si anayepiga mchana.

Aliyekuwa chumbani na huyu dada pengine alielewa. Labda alinyoosha kidole. Labda swali lililotangulia, kabla kinasa sauti hakijawashwa, lilikuwa juu ya mama mwenye nyumba. Kwa msemaji hakuna utata kabisa. Yeye anamjua aliyempiga. Utata unazaliwa sauti ikitoka chumbani bila yeye.

Sasa tazama mtafsiri ana nini mkononi. Akiandika "he", amemshtaki mume. Akiandika "she", amemshtaki mke. Halafu kuna sisi vijana, tuliosoma kwamba siku hizi kuna dawa ya kila kitu inayoitwa "they". Weka hiyo hapo uone: umewashtaki wote wawili. Kwa sababu Kiswahili, ambacho hakijali jinsia, kinajali sana idadi. Alinimwagia ni mtu mmoja. Walinimwagia ni zaidi ya mmoja. Tofauti hiyo iko wazi kwa mtoto wa chekechea. "They" inaifuta, na katika nyumba ambayo tayari ina mume na mke, msomaji wa Kiingereza atasoma wingi. Umekwepa kosa la jinsia, ukaingia kosa la idadi.

Ndiyo maana huwa sikubaliani na wenzangu wanaodhani "they" inamaliza mjadala. Inafaa sana pale ambapo jukwaani kuna mtu mmoja tu. "Kuna mtu aliniita, nilipogeuka akakimbia": hapo "they" imekaa vizuri na haimwumizi yeyote. Lakini wakiwa wawili, na mmoja wao ndiye aliyetenda, unahitaji kitu kingine.

Basi tugeuze sentensi iwe ya kutendwa, anasema mwingine: nilianza kupigwa, nilimwagiwa maji moto. Hilo ni bora kuliko uongo, lakini lina bei yake. Yule dada hakusema "nilimwagiwa". Kiswahili kina kauli ya kutendwa, na angetaka kuitumia angeitumia. Alimweka mtendaji ndani ya kitenzi, kwa sababu kichwani mwake mtendaji ana sura. Wakili akisoma ripoti iliyojaa kutendwa atafikiri shahidi anakwepa kutaja mtu, na upande wa pili nao utafikiri hivyo hivyo.

Halafu usidhani kosa hilo linaishia kwenye Kiingereza. Baadhi ya hati hizi zina safari ndefu mbele yao, na zikifika Ghuba zitahitaji Kiarabu. Kiarabu hakina huruma. Jinsia haiko kwenye kiwakilishi peke yake. Imo ndani ya kitenzi. Akipiga mwanamume ni dharaba. Akipiga mwanamke ni dharabat. Hakuna umbo la katikati la kujifichia, isipokuwa utoroke kwenye kutendwa, dhuribtu, nilipigwa. Mtafsiri wa pili atakayepokea "he" yako hana sauti ya yule dada, hana Kiswahili, na hana sababu ya kushuku. Ataandika dharaba kwa mkono mtulivu. Kile kilichokuwa kimya Nairobi, kwenye Kiingereza kikawa dhana, kwenye Kiarabu kimekuwa shtaka.

Na shtaka hilo linaweza kuangukia mtu asiye sahihi kirahisi sana. Chini ya kafala, viza ya mfanyakazi imefungwa kwa kafili mmoja, na kafili anayeandikwa kwenye karatasi si lazima awe ndiye anayetoa amri jikoni. Mume ana sahihi, mke ana funguo, au kinyume chake, au mama mkwe ana vyote viwili. Neno "bosi" kwenye mdomo wa mfanyakazi linaweza kumfuata mwenye karatasi leo na mwenye funguo kesho. Malalamiko yakimtaja mume kwa maji moto aliyomwaga mke, mume ataleta ushahidi kwamba siku hiyo alikuwa safarini. Na atakuwa anasema kweli. Hapo dada wa watu anaitwa mwongo kwa sababu ya herufi ambayo hakuwahi kuitamka.

Kwa nini basi tunaandika "he"? Si ujinga tu. Sababu ya kwanza ni pesa. Kazi hii hulipwa kwa dakika za sauti. Dakika kumi ni dakika kumi, uwe umeandika bila kufikiri au umerudia sehemu moja mara saba. Kumpigia mhojaji simu na kumuuliza "dakika ya 12:40, nani alimwaga maji?" hakuna anayekulipia. Mara nyingi huna hata namba yake. Unapewa faili yenye tarakimu, na tarehe ya mwisho ilikuwa jana.

Sababu ya pili ni wahariri. Nimewahi kupeleka kazi kwa shirika moja ambalo sitalitaja, nikiwa nimeacha alama kila mahali ambapo sauti haikuonyesha mtendaji. Ilirudi ikiwa safi kama sahani ya hoteli: alama zote zimefutwa, kila moja imegeuzwa "he". Nikauliza. Nikaambiwa mabano yanamchosha msomaji na yanafanya ripoti ionekane haijakamilika. Sasa wewe niambie. Ripoti ilikuwa haijakamilika kweli! Mabano yalikuwa yanasema hivyo kwa uaminifu. Kuyafuta hakukuikamilisha, kuliiba tu lile pengo.

Sababu ya tatu ndiyo inayoniudhi zaidi kwa sababu inajifanya ni akili. Ni kile watu wanachoita "muktadha", na ukichunguza unakuta ni mazoea. Daktari? "He". Nesi? "She". Aliyepiga? Mwanamume bila shaka. Aliyekuwa jikoni? Mwanamke, kwani nani mwingine? Mtafsiri anaapa kwamba maandishi yamemwonyesha, kumbe yaliyomwonyesha ni mitaa aliyokulia. Kipimo changu ni rahisi. Nioneshe neno. Ukisema ni mwanamke kwa sababu ya "mume wake", sawa, neno lipo, liguse. Ukisema ni mwanamume kwa sababu wanaume ndio huwa hivyo, hujasoma maandishi, umejisoma mwenyewe.

Katika ushahidi wa aina hii, kitu ninachofanya ni hiki, na nitaendelea kukifanya hata wakikifuta. Narudia cheo mahali ambapo cheo kina uhakika: bosi alichukua pasipoti, mke alionyesha jikoni. Nikifika kwenye "akaanza kunipiga", naacha kitenzi kikiwa cha kutenda, na mahali pa mtendaji naweka mabano: [bosi au mke wake, sauti haionyeshi, 12:40]. Ni kubaya, najua. Kunasimamisha macho. Lakini mtu yeyote mwenye faili ya sauti anaweza kwenda dakika hiyo akasikiliza, na mtu yeyote mwenye namba ya yule dada anaweza kumuuliza swali moja kabla karatasi haijavuka bahari.

Bora zaidi ni kwamba swali liulizwe mapema na yule aliye naye chumbani. Kortini hili linawezekana. Shahidi anasema kwa Kiswahili, hakimu mara nyingi anaandika kwa Kiingereza, na "alinipiga" ikitokea huku waliotajwa ni wawili, mtu anaweza kumsimamisha palepale: nani, huyu au yule? Rekodi huwezi kuisimamisha ukaiuliza. Kwa hivyo wanaofundisha wahojaji, wapunguze kidogo zile saa za jinsi ya kutabasamu, wawafundishe kusikia a- isiyo na mwenyewe. Mhojaji Mkenya haisikii kwa sababu Kiswahili chake kinaipokea bila swali. Inabidi asikilize kama mtu ambaye maneno haya yataenda kugeuzwa.

Najua hoja inayokuja, maana huja kila mara, na huja na kidole: haya mambo ya kukwepa "he" na "she" ni fasheni ya Wazungu, mmeitoa mtandaoni. Kwanza, "they" ya mtu mmoja si ya juzi. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oksfodi inaifuatilia hadi mwaka wa 1375, kabla Mreno hajagusa Malindi. Pili, kama unataka mfano wa nyumbani, fungua Katiba yetu ya 2010 kwa Kiingereza, kifungu cha 137, kinachoeleza nani anafaa kugombea urais. Hukuti "he" pale. Waandishi walitaja "mtu", na walipohitaji kumtaja tena wakarudia "mtu huyo". Ndiyo hiyo tu. Katiba ya zamani ilikuwa na "he" mahali pa rais. Hakuna jengo lililoanguka walipoitoa, na hakuna Mkenya niliyemsikia akisema kifungu hicho kimemchanganya.

Tatu, na hili ndilo la maana, mimi sitetei fasheni yoyote ya Kiingereza. Natetea Kiswahili. Msemaji wangu alisema kiasi fulani, akaishia hapo. Anayemwongezea jinsia ameongeza habari, na kuongeza habari kwenye kinywa cha mtu kuna jina lake.

Wapo pia wa upande mwingine, wanaonifurahisha lakini wananichosha: wale wanaosema Kiswahili hakina "he" na "she" kwa hivyo wahenga wetu walikuwa na usawa. Maze, acheni. Lugha hiyo hiyo inasema mwanamume anaoa na mwanamke anaolewa, mmoja anatenda na mwingine anatendwa, na mpaka leo ukigeuza vitenzi hivyo mezani kwa wazee utasikia kikohozi. Kutokuwa na kiwakilishi cha jinsia ni sarufi. Usawa hutafutwa kwingine.

Na hicho kitenzi kuoa kinanipeleka kwenye fasihi, ambako dhuluma ni ileile ingawa hakuna anayeungua. Chukua "Malaika", wimbo ambao kila mgeni anaufahamu. Mpenzi anaongeleshwa moja kwa moja, kwa hivyo Kiingereza hakisumbui. Wewe ni wewe. Ni kitenzi kuoa ndicho kinachotuambia kwamba anayeimba ni mwanamume. Fadhili William alikiimba. Miriam Makeba naye akakiimba, bila kukigeuza. Sasa mtafsiri afanye nini na toleo la Makeba? Kiingereza kina kitenzi kimoja tu cha kuoana, hakisemi nani anaoa nani, kwa hivyo kile kitu cha ajabu, mwanamke akiimba kuoa, kinapotea bila mtu kugundua. Lugha ile inayotulazimisha kutaja jinsia kwenye kiwakilishi inatunyima nafasi ya kuitaja kwenye kitenzi.

Kwenye hadithi ndipo tunaumizana kweli. Kuna waandishi wa Kiswahili, wengine wa rika langu, ambao wanaandika mapenzi ya kurasa kumi na tano bila kusema kama mpenzi ni wa kike au wa kiume. Hawajasahau. Lugha imewapa chumba chenye mlango, wakaufunga kwa ndani. Katika nchi ambayo Sheria ya Adhabu bado ina kifungu cha 162, mlango huo si pambo. Msomaji mmoja anasoma hadithi ya kawaida ya mapenzi ya Umoja au Kisauni, msomaji mwingine anajiona ndani yake kwa mara ya kwanza, na wote wawili wamesoma maneno yaleyale. Halafu anakuja mtafsiri, anafika "alinishika mkono", anaandika "she" kwa sababu msimulizi ameonekana kwake kuwa wa kiume. Amevunja mlango. Au anaandika "he" kwa sababu anataka kuonekana jasiri. Huyo pia ameuvunja, na safari hii kuna mtu ndani.

Hapa mabano hayafai. Hadithi si taarifa ya polisi. Hapa ndipo "they" inaweza kufanya kazi, kama wapenzi wako peke yao chumbani na idadi haileti fujo. Kurudia jina kunafaa pia kama jina lenyewe ni la wote, na tunayo: Baraka, Furaha, Amani. Wakati mwingine unaweza kuhamisha kitendo kwenye kiungo cha mwili, mkono wa mpenzi ukashika, sauti ikacheka. Sentensi chache zitakuwa ngumu na itabidi uzivunje ukazijenge upya. Kurasa kumi na tano zinaweza kukula wiki, na najua malipo ya hadithi fupi nchini hii, usiniambie.

Na kama mwandishi yuko hai, mwulize. Lakini muulize vizuri. Usimuulize "huyu mpenzi ni mwanamume au mwanamke?", kwa sababu akikujibu kirafiki kwenye WhatsApp utadhani umepewa ruhusa ya kuliandika jibu. Muulize kama anataka msomaji ajue. Hayo ni maswali mawili tofauti, na ni la pili tu linalohusu kazi yako.